Nafasi 5 kwa robo, au nafasi 8 kwa moja ya tano? Kuchagua masharti ya beti ya mshindi wa gofu

Jumapili ya tarehe 9 Aprili 2023 Jon Rahm alitwaa Masters akiwa na mapigo 12 pungufu ya yale yaliyopangiwa uwanja. Nyuma yake Phil Mickelson na Brooks Koepka walifungana nafasi ya 2. Jordan Spieth, Patrick Reed na Russell Henley wakafungana nafasi ya 4, watatu kwa mkupuo. Viktor Hovland na Cameron Young wakafungana nafasi ya 7, na Sahith Theegala akabaki peke yake nafasi ya 9. Nayarudia majina haya kwa sababu jedwali hilo moja linatosha kukuonyesha ni masharti gani yanakufaa na kwa nini. Ndani yake kuna sare inayoanguka ndani ya nafasi zinazolipwa, kuna sare inayokatika katikati, na wiki ile ile kuna mchezaji aliyejitoa kabla hajapiga hata mpira mmoja.

Kwanza tuelewane kuhusu beti yenyewe. Ukimchagua mshindi wa mashindano yote, kampuni nyingi zinakupa kitufe cha `E/W` kwenye mkeka. Ukikibonyeza, dau lako linakuwa mawili yaliyo sawa: la kwanza ni la ushindi, la pili ni la nafasi. Kwa hiyo ukiandika 10, unakatwa 20. Watu wengi hushtukia hapa, wakidhani 10 yao imegawanywa mara mbili. La ushindi linalipwa mchezaji akiwa bingwa tu. La nafasi linalipwa akimaliza ndani ya nafasi zilizotajwa, bingwa akiwemo, lakini kwa sehemu tu ya odi.

Hiyo sehemu ndiyo ugomvi wenyewe. Ofa mbili ninazokutana nazo mara nyingi ni hizi: ofa A inalipa nafasi 5 kwa robo ya odi, ofa B inalipa nafasi 8 kwa moja ya tano ya odi. Robo hiyo haipigwi kwenye odi nzima. Unatoa 1 kwanza, unagawanya, kisha unairudisha ile 1. Mchezaji wa odi 51 kwenye ofa A ana odi ya nafasi 13.50, yaani 50 gawanya kwa 4, jumlisha 1. Kwenye ofa B ana 11.00. Ukigawanya 51 moja kwa moja utapata majibu ya uongo, na utadhani kampuni imekupunja au imekuzidishia.

Kwa macho, B inavutia: nafasi tatu zaidi kwa kupoteza kidogo tu cha odi. Nami nikiri kwamba kama odi ya ushindi ni ile ile pande zote mbili, huwa naichukua B bila kujishauri sana. Tatizo ni kwamba mara nyingi haiwi ile ile. Anayekupa nafasi 8 anajua kabisa anachokupa, kwa hiyo mchezaji aliye odi 51 kwa jirani, kwake utamkuta 41. Basi linganisho la kweli lina safu tatu, si mbili. Chukua dau la 10 kwa kila upande, jumla 20, na uweke matokeo yale ya 2023. Odi nimezilinganisha kwa wote ili hesabu isomeke. Siku ile kila mmoja alikuwa na yake.

| Alipomaliza | A: odi 51, robo, nafasi 5 | B: odi 51, moja ya tano, nafasi 8 | B: odi 41, moja ya tano, nafasi 8 |
|---|---|---|---|
| Bingwa | 645 | 620 | 500 |
| Nafasi ya 2 kwa sare (wawili) | 135 | 110 | 90 |
| Nafasi ya 4 kwa sare (watatu) | 90 | 110 | 90 |
| Nafasi ya 7 kwa sare (wawili) | 0 | 110 | 90 |

Mstari wa tatu ndio wa kuutazama kwa makini. Kwenye ofa A, odi ya nafasi ni 13.50 na dau ni 10, kwa hiyo ungetarajia 135 kama aliyeshika nafasi ya 2. Umelipwa 90. Imetoka wapi?

Spieth, Reed na Henley kwa pamoja walishika nafasi ya 4, ya 5 na ya 6. Ofa A inalipa hadi ya 5. Maana yake nafasi zilizobaki ni mbili, na wanaozidai ni watatu. Kampuni haipigi kura nani aachwe, inaligawa dau. Dau lako la 10 linazidishwa kwa 2, linagawanywa kwa 3, linabaki 6.67. Hilo ndilo linalolipwa kwa odi kamili ya 13.50, na jibu ni 90. Kiasi cha dau kilichobaki, 3.33, kimekwenda kama beti iliyopotea. Odi haiguswi. Niliwahi kubishana na mtu aliyekuwa anagawanya faida peke yake na kujirudishia dau lote. Yeye alipata 93.33 na akawa na hakika kwamba amedhulumiwa 3.33. Hakudhulumiwa. Sare inaligawa dau zima, na sehemu ya dau inayopotea hairudi.

Sasa tazama upande wa B. Wale watatu wote wako ndani ya nafasi 8, kwa hiyo hakuna cha kugawa. Hata Hovland na Young waliofungana nafasi ya 7 walijaza nafasi ya 7 na ya 8 barabara, wakalipwa kamili. Sare haina madhara yoyote mpaka pale inapouvuka mstari wa mwisho wa nafasi zinazolipwa. Koepka na Mickelson nao walifungana, lakini walijaza ya 2 na ya 3 zote mbili zikiwa ndani, na aliyewabeti hakukatwa chochote kwenye ofa yoyote. Kwa hiyo ukiona herufi T mbele ya namba kwenye jedwali la matokeo, usikate tamaa upesi. Hesabu wako wangapi, kisha uone wa mwisho wao anaangukia wapi.

Na kumbuka kwamba nusu ya ushindi karibu haigawanywi kamwe kwenye gofu, kwa sababu walio sare kileleni hucheza mashimo ya ziada mpaka apatikane mmoja. Kwenye Open ya 2015 pale St Andrews, Zach Johnson aliwashinda Louis Oosthuizen na Marc Leishman kwa njia hiyo. Aliyembeti Oosthuizen alipoteza nusu ya ushindi yote, ila nusu ya nafasi akalipwa kamili, kwa kuwa yeye na Leishman walishika ya 2 na ya 3.

Kwa hiyo, A au B? Kwa odi sawa, B inakugharimu moja ya tano ya faida ya nafasi: kutoka 125 kwenda 100. Hiyo ni bei ndogo kwa nafasi tatu za ziada. Odi ikishuka hadi 41, faida ya nafasi inakuwa 80, yaani umekatwa zaidi ya theluthi, na juu yake umeacha 100 kwenye ushindi. Hapo naanza kumtazama mchezaji. Kuna yule ambaye kila wiki utamkuta kati ya nafasi ya 5 na ya 12, hana makosa makubwa, wala hashindi. Huyo B inamfaa hata kwa odi pungufu. Na kuna yule anayechujwa Ijumaa na kwenda nyumbani wiki nne mfululizo, ya tano anaongoza. Kumpa huyu nafasi 8 ni kununua mwavuli wa siku isiyokuwa na mvua. Mwekee A, ama achana na nafasi kabisa uweke la ushindi tu.

Kwa wachezaji wanaopewa nafasi kubwa ya kushinda, swali la A au B halipo. Mtu wa odi 5.00 kwenye ofa A ana odi ya nafasi 2.00: akishika ya 3 umerudishiwa 20 yako uliyoiweka, basi. Kwenye B ana 1.80, unapata 18, umepoteza 2 na mtu wako amefanya vizuri. Hapo weka la ushindi peke yake au pita.

Kuna jambo linaloivuruga B ambalo Masters ya 2023 haikulionyesha. Kadiri unavyoshuka kwenye jedwali, wachezaji wanabanana. Kileleni pengo la mapigo mawili hadi manne ni la kawaida. Huko chini pigo moja linaweza kubeba watu watano au sita. Nafasi ya 8 kwa hiyo huangukiwa na msongamano mara nyingi kuliko nafasi ya 5. Tuseme mtu wako wa odi 41 amemaliza nafasi ya 8 akiwa sare na wenzake wanne. Nafasi inayolipwa ni moja, wadai ni watano. Dau la 10 linakuwa 2, mara 9.00, unapata 18. Uliweka 20. Mkeka utaandikwa umeshinda, rangi ya kijani na kila kitu, na mfukoni umepungukiwa 2. Iliwahi kunitokea nikiwa tayari nimeshangilia mbele ya watu, na tangu siku hiyo nafasi ya 8 siihesabu kama nafasi nzima. Kichwani naiita nusu nafasi, na uamuzi wangu unakuwa wa haki zaidi.

Lakini msongamano haupo chini tu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 1 Agosti 2021, Xander Schauffele alichukua dhahabu, Rory Sabbatini fedha, halafu watu saba wakafungana nafasi ya 3. Kwa kuwa medali ya shaba ni moja, walicheza mashimo ya ziada na C.T. Pan akaibuka nayo. Sita waliobaki, Rory McIlroy, Collin Morikawa na Hideki Matsuyama wakiwemo, wakaandikwa wa 4 kwa sare. Weka masharti yetu mawili juu ya matokeo hayo. Kwenye A zimebaki nafasi mbili, ya 4 na ya 5, kwa watu sita: theluthi ya dau. Kwenye B zimebaki tano kwa watu sita. Chukua odi ya 11.00, dau 10 kila upande. A inakupa 3.33 mara 3.50, sawa na 11.67, na umepoteza 8.33 ingawa mchezaji wako ni wa nne duniani siku hiyo. B inakupa 8.33 mara 3.00, sawa na 25, faida 5. Mashindano hayo hayo, mchezaji huyo huyo: mmoja anaondoka na hasara, mwingine na faida, kilichowatenganisha ni mahali mstari ulipochorwa.

Wapo wanaotangaza kwamba wao hawagawi dau kwa sare, wanalipa wote kamili. Ukikutana na ofa hiyo, angalia nafasi zao na odi zao kabla hujafurahi. Mara nyingi ni nafasi ya kumaliza ndani ya 5 au 10 iliyowekewa odi yake yenyewe, si nusu ya pili ya beti yako, na sare imeshahesabiwa ndani ya odi hiyo. Si mbaya. Ni bidhaa nyingine tu, na wala hakuna beti ya ushindi ndani yake.

Sasa wajitoaji, na hapa tofauti kati ya kampuni na kampuni ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Turudi wiki ile ile ya Masters ya 2023. Alhamisi, Will Zalatoris alijiondoa kwa sababu ya mgongo kabla hajaanza raundi ya kwanza. Siku hiyo hiyo Kevin Na alianza, akacheza mashimo tisa, akaacha kwa kuugua. Tiger Woods naye alivuka mchujo, kisha akajitoa raundi ya tatu ikiwa haijaisha. Kwenye jedwali wote watatu wana alama ile ile ya `WD`. Kwenye mkeka hawafanani. Kwa masharti ya kawaida, aliyembeti Zalatoris wiki ile anarudishiwa dau, nusu zote mbili. Aliyembeti Na au Woods amepoteza zote mbili. Mpaka ni mpira wa kwanza: ukishapigwa pale mwanzo wa shimo la kwanza, mchezaji amecheza, hata akiondoka dakika kumi baadaye.

Nimesema masharti ya kawaida kwa sababu kuna yale mengine, ya beti za mapema. Soko la mashindano makubwa hufunguliwa miezi kabla, na baadhi ya kampuni huandika kwamba beti za kipindi hicho ni acheze asicheze: mchezaji asipotokea, dau limekwenda. Odi za mapema ni tamu, 67 kwa mtu atakayekuwa 41 wiki ya mashindano, na utamu huo ndio malipo ya hatari hiyo. Kwa mchezaji mwenye mgongo au kifundo kinachojulikana mimi siichukui, hata iwe 80. Kwa mzima, na ambaye nafasi yake ya kushiriki imeshathibitishwa, naweza kufikiria. Tafuta mstari wenyewe kwenye ukurasa wa kanuni za gofu za kampuni, usitegemee kanuni za jumla za michezo yote, maana mara nyingi hazilingani. Na kama mchezaji wako yumo kwenye mkeka wa mchanganyiko, anayerudishwa huhesabiwa kama odi 1.00 na wengine wanaendelea. Mkeka haufi, ila unapungua.

Upande ambao hauonekani ni wa yule ambaye hukumbeti. Anayepewa nafasi kubwa akijitoa, waliobaki wote wamepata nafuu, na odi ulizozichukua jana sasa ni za ukarimu kupita kiasi. Baadhi ya kampuni hujikinga na hilo kwa makato yaliyoazimwa kutoka mbio za farasi, yanayoitwa Kanuni ya 4. Kiasi kinategemea odi za aliyejitoa wakati anaondoka: akiwa kati ya 5.50 na 6.50 wanakata asilimia 15 ya faida yako, kati ya 7 na 10 wanakata 10, kati ya 11 na 15 wanakata 5. Akizidi 15 hakuna kato. Ndiyo maana kujitoa kwa Zalatoris au mwingine wa katikati hakumgusi mtu. Kwenye gofu, kanuni hii huwashwa na wachache tu wa juu kabisa.

Ilitokea Masters ya 2017. Dustin Johnson, namba moja duniani na ndiye aliyepewa nafasi kubwa zaidi, alianguka kwenye ngazi Jumatano. Alhamisi alipasha misuli, akasogea hadi karibu na shimo la kwanza, akageuka akarudi. Hakupiga mpira. Jumapili Sergio Garcia akamshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada. Tuseme ulimchukua Garcia kwa odi 41 mapema wiki ile kwenye ofa A, 10 kila upande, na Johnson akaondoka akiwa 6.50. Bila makato unapokea 410 na 110, jumla 520. Penye makato, faida ya ushindi inashuka kutoka 400 hadi 340, ya nafasi kutoka 100 hadi 85, na ukirudishiwa madau unapokea 445. Imekwenda 75 kwa anguko la mtu ambaye hukuwahi kumuweka kwenye mkeka wako. Aliyembeti Garcia Alhamisi mchana, baada ya odi kupangwa upya, hakukatwa kitu, ila odi zake zenyewe tayari zilikuwa zimeshuka. Na aliyekuwa na beti ile ile ya mapema kwenye kampuni isiyotumia makato hayo kwa gofu alipokea 520 yake kamili.